Safu ya Nne ya Mzee Aya

Wanafunzi walimwita Mzee Aya kwa sababu kwake kila kitu kilikuwa aya. Ukimwomba ruhusa ya kwenda chooni, anakujibu kwa sentensi nne zenye utangulizi na hitimisho. Amefundisha insha miaka thelathini na moja, na kwa miaka yote hiyo mwongozo wake wa kusahihisha ulikuwa karatasi moja yenye aya tatu. Mimi ni karani wa shule. Karatasi ile nimeichapa mara nyingi hadi naijua kwa moyo.

Aya ya kwanza ilisema: insha ya kiwango cha juu ina hoja moja iliyo wazi, inaitetea kwa mifano ya mwandishi mwenyewe, lugha yake haimkwazi msomaji, na mwandiko ni safi. Ya pili ilieleza insha ya kati, ambayo hoja yake inapotea njiani, mifano ni michache na makosa ya lugha yapo ila maana inashikika. Ya tatu ilikuwa ya insha dhaifu: hakuna hoja, hakuna mifano, lugha imevurugika, na mwandiko unamlazimisha msomaji kurudia maneno. Mzee Aya alikuwa akisoma insha nzima, kisha anauliza inafanana zaidi na aya ipi. Basi.

Mwaka huu mkuu wa taaluma, kijana aliyewahi kufundishwa na huyo huyo mzee, akataka jedwali. Vigezo vishuke upande wa kushoto, viwango vipite juu, kila kisanduku kiwe na maelezo na alama zake.

"Shikamoo, Mwalimu. Ni ili wasahihishaji wawili wasipishane," alisema kwa adabu.

"Marahaba. Haya, tutaikatakata," mzee akajibu, akaja kuketi karibu na kompyuta yangu.

Tulianza vizuri. Hoja, mifano, lugha: safu tatu, viwango vitatu, alama tano, tatu na moja. Kisha mzee akafika kwenye yale maneno ya mwisho, na mwandiko ukawa safu ya nne. Nikajaza kisanduku cha juu na cha chini. Cha kati kikabaki kitupu.

"Hapa niandike nini, Mwalimu? Aya ya pili haisemi kitu."

"Nilinyamaza makusudi," akasema. "Mtoto wa katikati sikutaka kumhukumu kwa mkono wake."

Mkuu wa taaluma akasema kisanduku hakiachwi kitupu. Mzee akafikiri, akanitajia: mwandiko unasomeka kwa shida kidogo. Nikachapa. Alama ishirini, safu nne, tano tano. Nilifurahi jinsi lilivyokaa sawa kwenye ukurasa mmoja. Ninajichukia kwa furaha ile.

Kulikuwa na msichana ambaye mkono wake ulitetemeka tangu homa ya utotoni. Alitaka mkondo wa lugha, na mkondo huo ulidai alama kumi na tano za insha. Aliandika juu ya nyanya yake aliyesahau majina ya watoto wake wote isipokuwa la yule aliyefariki. Mzee aliisoma ofisini kwangu, akavua miwani akaifuta. Hoja, tano. Mifano, tano. Lugha, tatu. Kwenye mwandiko kalamu ikasimama. Kila mstari ulikuwa umemlazimisha kuurudia. Akaandika moja. Msahihishaji wa pili naye akaandika moja. Jumla kumi na nne.

Mzee akaenda kwa mkuu wa taaluma. Nilimsikia kupitia ukuta, na kwa mara ya kwanza hakutumia aya.

"Mwandiko haukuwa robo. Yalikuwa maneno matatu mwishoni mwa sentensi. Mimi ndiye nimeufanya robo."

"Mwalimu, ungesema kabla. Watoto mia mbili wameshasahihishwa kwa jedwali hili. Siwezi kubadilisha uzito leo kwa ajili ya mmoja."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililotuumiza. Kijana akaahidi kwamba mwakani mwandiko utapewa alama moja tu. Mwakani!

Msichana alikuja Ijumaa kuuliza alikosea wapi. Mzee akamwekea jedwali mezani. Msichana akapitisha kidole polepole, kisanduku baada ya kisanduku.

"Hoja yangu ni ya juu?"

"Ya juu kabisa, mwanangu."

"Na mifano?"

"Sijasoma mifano kama hiyo miaka mingi."

Uso wake ukachangamka, nami nikatamani sakafu inimeze. Kidole kikafika safu ya nne kikatulia, kikitetemeka juu ya maneno niliyoyachapa mimi.

"Lugha nitaisoma zaidi," akasema. "Ila hii ya mwandiko, Mwalimu, nitaisomea wapi?"