Radhi za Mama na Mistari Miwili ya Dhahabu

Mume wangu alipostaafu ukarani wa forodha, alikwenda kwa shehe na swali moja tu. Aliuliza kama Mwislamu anaruhusiwa kununua na kuuza dhahabu kwa simu, kwa akaunti ile isiyo na riba hata biashara ikilala wazi usiku kucha. Shehe akasema kwamba kama riba haimo, basi upande wa riba yeye hana neno. Mume wangu akarudi nyumbani Dunda uso unang'aa. Kama biashara yenyewe ingeleta faida, hilo shehe hakuulizwa, naye si mtu wa kujibu asiloulizwa.

Fedha zilikuwa za Hija ya mama mkwe. Tulizitenga kutoka kwenye kiinua mgongo, zikatosha mtu mmoja. Lakini mama akasema haendi peke yake kusukumwasukumwa na watu asiowajua, mwanawe atamsindikiza. Ndipo ikabidi fedha za mtu mmoja zizae za mtu wa pili.

Njia ya kuzizalisha aliipata kwenye semina ya siku moja Dar es Salaam, akarudi na cheti. Kwenye simu bei ya dhahabu ilikwenda huku na huko, na juu yake ilipita mistari miwili. Mwekundu ulikuwa wastani wa bei za siku tano zilizopita, wa buluu wastani wa siku ishirini. Kila siku bei mpya iliingia kwenye hesabu na ile kongwe ikatoka. Mwekundu ukiukata wa buluu kwenda juu, anunue. Ukiukata kwenda chini, auze.

"Hapa hakuna kubahatisha, mke wangu," aliniambia. "Mistari haina tamaa."

Ni kweli, haikuwa na tamaa. Tamaa ilikuwa yetu sisi, na dalali wa mtandaoni aliijua vizuri, maana alimruhusu mume wangu kushika dhahabu ya thamani kubwa mara nyingi kuliko fedha alizoweka. Bei ikisogea kidogo, sisi tulisogea sana.

Mwanzoni dhahabu ilipanda, ikapanda tena. Mume wangu aliingia bei ikiwa imekwishapanda na akatoka ikiwa imekwishaanza kushuka, lakini katikati palibaki pande nono la faida. Nyumba ikanukia udi. Mama mkwe akaanza kuomba radhi.

Kwetu mtu anayekwenda Hija hupita kwa watu wote akaombana nao msamaha, asije akasimama Arafa na kinyongo cha mja mgongoni. Mama alianza na ndugu, akafuata wenye maduka, na mwisho kabisa, baada ya kukaa mlangoni muda mrefu amevaa buibui, akaenda kwa jirani yetu wa ukuta wa pili. Hawa wawili hawakusemezana tangu sufuria kubwa la pilau la mama liazimwe kwa shughuli na kurudi limebonyea. Jirani alidai lilikwenda kwake hivyo hivyo. Siku hiyo walikumbatiana, wakalia, na mama akarudi akiniambia moyo wake umekuwa mwepesi kama pamba.

Kisha dhahabu ikachoka kupanda, ila haikushuka pia. Ikawa inakwenda na kurudi mle mle kati ya bei mbili, moja sakafu na moja dari.

Bei ilipokuwa chini ikaanza kuinuka, mwekundu bado ulikuwa umebeba bei za siku za chini, kwa hiyo ukachelewa kugeuka. Ulipokuja kuukata wa buluu, bei ilikuwa karibu na dari. Mume wangu akanunua. Bei ikagonga dari, ikarudi. Mistari ikachelewa tena, na ilipokatana kwenda chini bei ilikuwa karibu na sakafu. Akauza. Alinunua ghali, akauza rahisi, kwa utaratibu kamili na kwa cheti. Na kila kuingia dalali alichukua chake.

Mama alifuata mistari hiyo kuliko hata mwanawe. Akisikia "Imekata juu!" alivaa buibui akaenda kuimarisha radhi kwa jirani. Akisikia tumetoka kwa hasara alirudisha kinyongo, maana haikumwingia akilini kusamehe sufuria bure bila safari. Mara ya tatu jirani alimpokea kizingitini.

"Karibu, dada. Ila niambie kwanza, radhi hii ni ya moja kwa moja, au ya mpaka Ijumaa?"

Mimi nauza kanga, na wastani naujua. Nikiagiza doti kwa kutazama zilizotoka mwezi uliopita, nami nachelewa. Mtindo ukishika msimu mzima, hainidhuru, nauza mpaka kwa wateja wa mbali, kule Mkange. Lakini wanawake wakibadili mawazo kila wiki, mzigo unafika wanapoutaka mwingine. Nilimweleza mume wangu hivyo, kwa upole niliouazima.

"Njia yako inataka soko linalosafiri," nilisema. "Hili limekaa. Ngoja."

Akaitazama rafu yangu ya juu, yenye kanga ambazo hakuna aliyeziulizia tangu niziagize. "Mwenzangu naona umengoja vizuri," akasema.

Nilimchukia siku ile. Nilimchukia zaidi kwa sababu rafu ilikuwa pale pale.

Hata hivyo aligundua tatizo: kuchelewa. Akalitibu. Akafupisha mistari, mwekundu ukawa wa siku tatu na wa buluu wa siku nane. Kweli, haikuchelewa tena kama zamani. Sasa ilikatana kwa kila kikohozi cha bei, hasara zikaja mbio. Akairefusha sana, nayo ikatulia, ikatulia mno, ikamwingiza kwenye dhahabu bei ikiwa darini kabisa na ikakataa kumtoa mpaka sakafuni. Hapo nikamnyang'anya simu tukiwa mezani, nikamwambia aifunge akaunti au anirudishe kwetu. Alifunga. Kilichobaki hakikutosha hata mtu mmoja.

Hatukumwambia mama. Aliona jinsi mwanawe alivyokuwa anakunja mkeka wa sala kinyonge, akavua buibui, akalitundika. Kitendo hicho kiliniumiza kuliko matusi, kwani kinywa chake nakijua.

Haukupita muda dhahabu ikatoka ndani ya zile bei mbili ikaenda juu bila kugeuka nyuma. Mistari ikakatana vizuri kama kwenye picha za semina. Mume wangu aliitazama kila siku kwenye simu, bila senti ndani. "Unaona?" aliniambia. "Njia ilikuwa sahihi." Na kweli ilikuwa sahihi. Nikaenda kumwagilia maua.

Mwaka ule jirani ndiye aliyekwenda Hija. Kabla ya kuondoka alikuja kwetu alasiri amejifunga kanga nyeupe, amebeba sufuria jipya kichwani. Alipiga hodi, akalitua mbele ya mama, akapiga magoti.

"Dada, nisamehe. Lilibonyea kwangu. Nilijua siku zote."

Mama akaligeuzageuza lile sufuria. Nilidhani anatafuta palipobonyea. Akamshika mikono akamwinua.

"Nimekusamehe, duniani na akhera. Nawe nisamehe zile za mpaka Ijumaa." Walicheka, kisha mama akalia waziwazi, kilio ambacho nilikuwa nimekingoja tangu alitundike buibui lile. "Ukifika Arafa nitaje kwa jina. Mwambie Mola nilikuwa njiani. Na mwanangu huyu mwombee ajaaliwe kuliona jambo kabla halijapita."

"Amina," tukaitikia mimi na jirani.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. Sisi tulikuwa tumekwishanyamaza, na jirani ameanza kuvaa viatu, ndipo naye akasema, "Amina."