Linda Huku, Linda Huku

Mkasi wa Libérate ulivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972 ukiwa umefungwa kwenye kitenge mgongoni mwake, mahali ambapo mwanamke mwingine angebeba mtoto. Mtoto wake alikuwa bado tumboni. Alizaliwa chini ya turubai la wakimbizi, mvua ikinyesha, mikononi mwa mkunga asiyemfahamu: Mpimbwe mmoja, mwenyeji wa huko, aitwaye Pelagia, aliyevua koti lake mwenyewe akamfunika mzazi. Mtoto akaitwa Callixte. Miaka ikapita, Libérate akapata kibali cha kushona kwenye baraza moja ya Mpanda, kando ya njia iendayo kijiji cha Mwamkulu, na bado hakuwa amepata namna ya kushukuru inayolingana na lile koti.

Suruali ndiyo iliyomlisha, na suruali miaka ile haikuwa jambo dogo. Ile nyembamba kama sigara, inayofuata mguu tangu pajani hadi kwenye kifundo, ilihesabiwa kuwa uhuni. Vijana wa chama waliopewa zamu ya kulinda maadili walisimama sokoni na chupa tupu ya soda. Upindo usiopitisha chupa ulipasuliwa kwa wembe mbele ya watu. Basi vijana wapenda mitindo wakahamia kwenye bugaluu, inayokaa chini ya kitovu, ikabana makalio na mapaja, kisha ikafunguka kuanzia gotini kama tarumbeta. Wazee wao walibaki na suruali pana, inayoanguka moja kwa moja kutoka nyonga hadi kiatuni. Libérate alizikata zote. Karibu na cherehani yake aliweka chupa ya soda, naye hakumkabidhi mtu suruali kabla ya kuipitisha chupa hiyo kwenye kila mguu.

Kiswahili ndicho kilichomsumbua kuliko kitambaa. Mafundi walimfundisha kwamba mkunjo unaoshonwa kiunoni mwa suruali huitwa rinda. Wateja wake wengi, hata hivyo, walisema "linda" na "malinda", kwa sababu katika lugha za nyumbani kwao herufi hizo mbili hupeana nafasi. Akajifunza kutobishana: mteja akisema linda, yeye anashona rinda.

Siku moja Pelagia alifika akisukuma baiskeli ya zahanati, baiskeli ya kiume yenye bomba katikati. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Kwa sketi asingeweza kuipanda vizuri. Mara moja pindo lilinaswa gurudumuni, akaanguka pamoja na sanduku la dawa. Akaazima suruali ya kaka yake, ile ya sigara. Ilimbana magoti asiweze kukanyaga pedali, na kila alipoinama, kiuno chake kifupi kiliteremka nyuma. Vijana wa zamu wakamkamata nayo, wakaipasua mbele ya kina mama aliokuwa akienda kuwapima. Mkunga! Kisha kamati ya zahanati, wote wanaume, ikaamua: Jumatatu aje na vazi la heshima linalomwezesha kupanda baiskeli, la sivyo baiskeli apewe mhudumu wa kiume. Hakuna hata mmoja wao aliyejiuliza mama wa Mwamkulu mwenye uchungu angemvumiliaje mhudumu huyo.

"Mama Callixte," alisema Pelagia, akiweka kaki mezani, "kitambaa ni hiki tu. Madukani hakuna kingine, nimezunguka kote."

"Nikupime, mama mkunga."

Alimpima haraka: kiuno, nyonga, paja, goti, na kina cha kutoka kiunoni hadi msambani. Kabla hajauliza mtindo, mtu alikuja mbio kumwita Pelagia. Kulikuwa na mwanamke anayejifungua.

"Unataka ya namna gani?" Libérate aliita.

Pelagia alikuwa tayari anaondoka. Akajipiga nyonga ya kulia, akajipiga ya kushoto. "Linda tu, dada! Linda huku, linda huku! Mengine najua utajua!"

Libérate alijua. Marinda, kulia na kushoto. Kwa kuwa neno lilitiwa mkazo namna ile, akaamua yawe mawili kila upande.

Lakini rinda hula kitambaa. Kila mkunjo ulidai upana wa ziada kwenye kipande cha mbele, na kaki haikutosha kuubeba upana huo hadi chini. Akakata kiuno cha juu, kinachofika kitovuni, akaongeza urefu wa nyuma ili kisishuke mtu anapoinama; akaacha nafasi kwenye nyonga na mapaja, kisha akaupunguza mguu taratibu kuelekea kifundoni. Kwenye upindo aliitia chupa. Ikapita, ikabakiza nafasi ndogo tu.

Jumamosi Pelagia alirudi. Pale barazani alikuwepo Apolinari, karani wa ghala, amekuja kurekebishiwa bugaluu yake iliyotafunwa na mnyororo wa baiskeli.

Pelagia aliikunjua suruali, akapitisha kidole kiunoni mwake. Kisha: "Mama Callixte, hii mikunjo ni ya nini?"

"Ulisema rinda."

"Nilisema *linda*! Inilinde! Nilitaka pana, ianguke kama sketi, macho ya watu yasipate pa kushika!"

Apolinari aliangua kicheko hadi akashika nguzo. "Jamani nyie! Mmoja anataka ulinzi, mwingine anampa mikunjo!"

"Wewe nyamaza," Pelagia alimwambia, "mguu wako umeliwa na baiskeli."

Libérate hakucheka. Aliona kaki iliyokwisha, akalikumbuka koti lile la chini ya turubai. Mtu mmoja tu katika nchi hii alimpokea kabla ya kumuuliza jina, na sasa yeye ndiye aliyemnyang'anya baiskeli.

"Ivae kwanza," alisema kwa sauti ndogo. "Nakuomba."

Pelagia aliingia ndani akaivaa. Alipotoka na kusimama, marinda yalikuwa yamefunga, mbele imetulia, wala hakuna umbo lililochorwa. Akapanda baiskeli. Hapo mikunjo ikafunguka yenyewe, mapaja yakapata nafasi, magoti yakapanda na kushuka bila kuvutwa. Akainama kwenye usukani. Kiuno cha nyuma kikabaki mahali pake. Akaenda hadi kwenye kona, akarudi, macho yake yakiwa kwenye mnyororo. Upindo haukuugusa.

Apolinari aliutazama mguu wake mwenyewe, uliochanika na kuchafuka grisi. "Ile pana uliyoitaka, dada," alisema, safari hii bila kucheka, "ingekuangusha kabla hujafika Mwamkulu."

Jumatatu kamati ilikaa. Mzee Eustace, mwenyekiti, alikuja na chupa, kana kwamba heshima ya mwanamke aliyewapokea wajukuu zake duniani ilihitaji kupimwa kwa soda. Pelagia hakungoja aguswe. Aliichukua chupa mkononi mwa mzee, akaipitisha mwenyewe kwenye upindo, akamrudishia.

"Imepita," alisema Mzee Eustace, akikosa pa kuiweka. "Basi, mama. Nenda kazini."

Njiani Pelagia alisimama kwenye baraza bila kushuka, mguu mmoja chini, na suruali ikiwa tulivu kiunoni mwake.

"Mama Callixte! Imenilinda."

"Ni mimi wa kushukuru," Libérate alijibu. Kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka, hakujali kama Kiswahili chake kilitoka sawasawa. "Lile koti lako..."

"Koti gani?"

Alikuwa amesahau. Libérate alicheka, machozi yakimlengalenga, akamwonyesha njia kwa mkasi. "Nenda, mama mkunga. Wanakusubiri."

Pelagia akakanyaga pedali. Libérate alimtazama mpaka akaipita kona, marinda manne yakifunguka na kufunga.