Mizani Iliyofunikwa Maua

Hedwiga, ambaye wengi humwita Mama Flavia, alikuwa ametunza ghala la chama cha ushirika wa kahawa, huko vilimani upande wa Kitura, kwa miaka kumi na mmoja. Ghala lile alilifagia kuliko nyumba yake, na mumewe alikwisha kuacha kulalamika. Kwa hiyo mizani ya chama ilipokosekana mwanzoni mwa msimu, chuma kizito kinachobebwa na wanaume wawili, wakubwa waliona hakuna wa kushukiwa ila yeye.

Akapewa barua ya tuhuma, akasimamishwa kupisha uchunguzi. Hilo lina taratibu zake, na hakulipinga. Lakini Mwenyekiti Protasi, mtu anayependa kila jambo liwe na nakala, aliibandika barua kwenye ubao wa chama, kisha akampelekea katekista Tarsisi aisome kigangoni, kanisa dogo la kijiji, kwenye matangazo, baada ya ndoa zinazokusudiwa. Toka siku hiyo Hedwiga akipita barabarani, majirani waliingiza sufuria ndani. Wanawake wa jumuiya wakamwondoa kwenye zamu ya kupika sikukuu, eti apumzike. Hedwiga hakutaka kupumzika. Alitaka jina lake.

Kamati ya watu watatu ilifanya kazi siku mbili, na siku moja na nusu kati ya hizo ilikuwa chai. Nusu iliyobaki walifungua daftari la kutolea vifaa. Wakakuta kwamba mwezi Juni, Hedwiga akiwa msibani Kingerikiti kwa ruhusa, mizani ilitolewa kwenda kigangoni kupimia sadaka ya mavuno. Aliyeitoa ni Protasi mwenyewe, kwa ufunguo wa akiba, na saini yake ilikuwa nzuri kama ya kwenye cheti. Wakaenda kigangoni. Akina mama walioshindwa kuiondoa walikuwa wameivika kitambaa cheupe na kuiwekea chombo cha maua, hatua mbili kutoka mimbari ya matangazo. Wakristo wote waliisikiliza tuhuma ya wizi wakiwa wanaitazama ile mizani iliyoibiwa.

Taarifa ya kamati ilimsafisha Hedwiga moja kwa moja. Akarudishwa kazini, na barua ya tuhuma ikaondolewa kwenye jalada lake. Ikabaki barua ya kumwomba radhi na kusahihisha.

Ya kwanza ilichapwa juu ya ile ya zamani ya tuhuma, kwa kubana matumizi. Ikampa siku kumi na nne aeleze kwa maandishi kwa nini asiombwe radhi. Hedwiga akairudisha. Ya pili ilikuwa nzuri, ila ilipigwa muhuri wa SIRI. Protasi alimweleza kwa upole kwamba mambo ya mtumishi hayatangazwi ovyo.

“Mwenyekiti,” Hedwiga akasema, “niliposingiziwa sikuwa siri. Barua hii isomwe ilikosomwa ile, na ibandikwe ilikobandikwa ile. La sivyo sisaini kupokea.”

Protasi akatafuta kanuni ya kumkatalia, hakuipata. Akakubali, tena akasema ataisoma mwenyewe.

Jumapili ile alisimama mimbarini amevaa koti. Akasoma kwamba chama kinafuta tuhuma zote dhidi ya mtumishi wake, kwamba uchunguzi umebaini kifaa husika kilihamishwa kwa sababu za kiutendaji, na kwamba chama kinasikitika kwa usumbufu uliojitokeza. Akasoma mpaka namba ya kumbukumbu na orodha ya nakala. Watu wakapiga makofi. Hedwiga akapumua.

Nje, jirani mmoja mzee, bibi Teodora, akamshika mikono miwili.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Tumefurahi umesamehewa. Usirudie tena.”

 Hedwiga akatazama nyuso za wengine, akaona zote zimejaa huruma ile ile ya kumpokea mkosefu aliyetubu. Hapo hasira ikampanda mpaka masikioni. Akamfuata Protasi, aliyekuwa anafunga vishikizo vya koti, akamwambia kwa sauti ya chini maneno ya bibi Teodora.

“Lakini nimesoma yote, Mama Flavia.”

“Umesoma kwamba mizani ilihamishwa. Hukusema imehamishwa na nani.”

Protasi alifungua karatasi yake, akaipitia juu mpaka chini, akageuza hata upande wa nyuma ambako hapakuwa na kitu. Akaikunja. Akaenda zake.

Wiki nzima hakuonekana ofisini. Jumapili iliyofuata Tarsisi alipomaliza matangazo, Protasi alisimama kwenye benchi lake, bila koti na bila karatasi. 

“Mizani niliichukua mimi,” akasema. “Nikasahau. Kisha nikamwita mama huyu mwizi mbele yenu.”

Akabaki amesimama, kwa sababu hakuwa amepanga kitu kingine cha kusema. Bibi Teodora akageuka polepole kumtafuta Hedwiga kwa macho. Hedwiga alikuwa analia, na safari hii hakuna aliyekosea kujua ni kwa nini.