Mstari wa Viatu

Kwa miaka kumi na minane Kalekye Nyamai amekuwa karani wa shule moja ya upili karibu na Kabati, na kila mwaka yeye ndiye hutunga shairi la kuwaaga kidato cha nne. Hakuna barua ya kumpa kazi hiyo. Walimu wa Kiswahili wana shughuli zao.

Shairi lina sheria moja: halimtaji mtu. Mwaka mmoja alimsifu "golikipa hodari", na mtu mmoja tu alikuwa golini. Wazazi wa wengine walifika ofisini kuuliza kama watoto wao walikuwa wakitazama mechi tu. Tangu hapo mwalimu mkuu, Bwana Musyimi, hulipima mwenyewe kabla ya siku ya maombi, ambapo watahiniwa huombewa na kuagwa.

Mwaka huu mmoja kati ya wanafunzi arobaini na wanne wa kidato hicho alikuwa Wayua, bintiye Kalekye, aliyemlea peke yake. Kalekye alitaka kumsifu mbele ya watu, na siku ya kufanya hivyo ilikuwa hiyo moja tu.

Musyimi alisoma ubeti wa pili, akihesabu mizani kwa vidole:

*Yuko aliyeingia, viatu visofanana*

"Mizani nane, nane. Safi. Sasa, Mama Wayua, ukiusoma huu, watasimama wangapi wakisema ni wao?"

"Si wengi, Mwalimu."

"Mmoja. Na mimi namjua. Nilimwona akiingia langoni siku ya kwanza, kimoja cheusi, kingine cha kahawia."

"Shairi likikosa mstari huo, litakuwa la watoto wa watu."

"Ni la watoto wa watu. Nipe mstari wa kuwasimamisha wote, ama tuimbe wimbo tu tukale pilau."

Kalekye alirudi kwenye meza yake, akajifanya anachapa orodha ya viti. Kitu walichofanya wote ni kipi? Kufaulu, hapana, tusidanganyane. Akakumbuka kiangazi cha kidato cha pili, tangi likiwa tupu, darasa zima likichimba mchanga mtoni kutafuta maji. Akaufuta ubeti wote, akaandika:

*Mlifukua mchanga, tangi lilipokauka,*
*Madumu mkayapanga, hakuna aliyechoka,*
*Mkanywa hamkuringa, kikombe kikazunguka,*
*Nendeni watoto wetu, lango letu liko wazi.*

Hakuna aliyechoka: huo ulikuwa uongo, lakini kina kilidai.

Siku ya maombi alilisoma bila kumtazama mtu. Kwenye ubeti wa pili darasa lilianza kucheka, na katika kibwagizo wakaitikia wote, hata wale waliokuwa wakijificha vichakani madumu yakijazwa. Mzazi mmoja akamgusa jirani yake: "Huyo wa madumu ni wangu."

Kwenye foleni ya pilau Wayua alimfikia mamake.

"Mami, hapo kwa madumu, si ulikuwa unanisema mimi?"

Kalekye alikuwa ameshaulizwa hivyo na watoto kumi na mmoja, na wote aliwajibu ndiyo.

"Ndiyo," akasema. Akamwangalia miguuni. Viatu vilikuwa vyeusi, vyote viwili.