Muzee Aliyeondoka Kabla ya Ziwa

Mimi nilisoma miaka miwili tu, kisha nikashika musumeno. Nasema mapema ili mutu asinitafutie diploma. Lakini kuna kazi moja niliyoiweza na wenye diploma wa Bukavu wakashindwa: kutengeneza mwalimu wa ndani ya hadithi, mutu ambaye hajazaliwa, na watu wakaenda naye nyumbani.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Kadutu, mutaa wetu wa Bukavu, tulikuwa na kundi la michezo ya kuigiza, na mukubwa wake alikuwa karani mumoja wa tai na miwani. Mimi nilikuwa mubeba viti. Siku moja karani akatangaza kwamba anatafuta muchezo wa kupeleka Kavumu kwa sikukuu. Nikasema ninao. Kijana anataka kuvuka ziwa, na muzee anamufundisha. Muzee wangu nilimuvalisha tai, nikamupa miwani na Kifaransa. Kila kijana alipouliza, muzee alijibu, tena kwa urefu. Wakati ule ndivyo tulivyofikiri: mwenye akili lazima afanane na karani.

Tulipojaribu, mama mumoja muuza ndizi akapiga kelele kutoka nyuma: "Papa, huyu ni muzee ao ni radio? Muzimeni!"

Watu walicheka mpaka viti vikaanguka. Karani akanipa juma moja. "Ukishindwa tena, urudie viti vyako, na usinisumbue."

Nikateremka Nyalukemba kwa shangazi yangu, mushona mikeka, musimuliaji kuliko wote niliowasikia. Hakuacha kushona.

"Katika hadithi za utoto wako, ni mwalimu gani bado uko naye?"

"Bibi wa vidonda." Yule anayekaa kando ya njia na kuomba aoshwe. Anayemuosha anaonyeshwa njia. Anayeziba pua anapotea.

"Na ndege anayeonya wasafiri?"

"Huyo nilimusahau."

"Unaona! Ndege anajua njia, basi. Haumwi, haombi kitu, hakukasirishi. Bibi anakupima kabla ya kukupa. Muzee wako anaumwa wapi?"

"Haumwi popote, shangazi."

"Basi amekufa."

Kesho yake niliuliza swali lile lile kazini, kwenye shimo la kupasulia mbao. Wengi walimutaja bibi wa vidonda. Wawili walimutaja mufua chuma anayemuacha mwanafunzi avukute moto misimu miwili bila neno. Ndege hakutajwa hata na mumoja. Kisha mupasuaji mumoja wa Shabunda, mutu mukali aliyegombana hata na mbwa, akasema polepole: "Mimi sijawahi kumunyima bibi kizee maji. Sababu ya ile hadithi." Nikasimama na musumeno mukononi. Mwanamuke ambaye hajakuwako kamwe alikuwa anamutawala mwanaume huyu miaka yote!

Nikamuvua muzee wangu tai. Nikamufanya muchonga mitumbwi, sikio moja limekufa, mulafi wa viazi vitamu. Kijana akiuliza, muzee anageuza sikio bovu. Anasema neno moja tu: "Gonga kwanza." Anagonga gogo kwa kiganja mara tatu, analaza sikio zima juu yake, ndipo anashika shoka. Ndivyo inavyofanyika kweli: muti muzima unalia kavu, uliooza ndani unalia kama ngoma yenye maji. Kijana anachoka, anamutukana, anamunyima viazi. Muzee anavumilia, lakini uso unaonyesha kwamba imemuuma.

"Halafu anavuka naye?" shangazi aliuliza nilipomurudia kumusimulia.

"Ndiyo."

"Hapana! Akivuka naye, ushindi ni wa muzee. Mutoe mapema."

Juma lilipokwisha tulijaribu tena, na muzee alitoka jukwaani kabla ya ziwa, bila kuaga. Kijana akabaki na mitumbwi miwili, mumoja mupya unang'aa, mumoja wa zamani. Watu waliokuwa wanatafuna karanga, hata yule mupasuaji wa Shabunda, waliacha. Kijana akainama juu ya ule unaong'aa. Akagonga. Mara tatu. Akalaza sikio. Akausukuma pembeni, akashika ule wa zamani.

Kisha yule mama wa ndizi akasimama, machozi yanamutoka: "Mumurudishe muzee aone!"

Hakurudi. Nilikataa. Karani alivua miwani, akaipangusa muda mrefu, akasema, "Viti watabeba wengine." Tulienda Kavumu juu ya kamio, na mimi nilikaa mbele na dereva.

Lakini si hiyo ninayoikumbuka nikiwa peke yangu. Majuma kadhaa baadaye, shimoni, walituletea gogo kubwa la muvule. Yule mukali wa Shabunda alitema mate mikononi, akachukua musumeno, akasita. Akauweka chini. Akagonga kwa kiganja mara tatu, akalaza sikio.

Hakuniangalia. Sidhani hata alikumbuka kwamba muzee yule nilimutengeneza mimi.