Mkufu wa Dama

Siku ninayoikumbuka kila nikiona mkufu shingoni mwa mtu, mwanangu, ni ile Dama aliponitumia picha kutoka Wajir na kuniuliza kama mkufu wake ni mzuri. Swali dogo kama hilo lilinikalisha na simu mkononi tangu chai ya asubuhi mpaka adhuhuri, na babu yako akakosa chakula cha mchana. Hajasahau mpaka leo, nawe unamjua babu yako akikosa kula.

Dama ni Mborana na mimi ni Msomali wa hapa Garissa. Tulijuana tukiwa wasichana, alipoletwa kukaa kwa shangazi yake nyuma ya soko la mifugo. Yeye hakujua Kisomali, mimi sikujua Kiborana, basi urafiki wetu wote tuliujenga kwa Kiswahili cha sokoni. Ni kibovu, lakini ni chetu.

Mkufu huo alipewa na Adan, mwanawe wa pekee, dereva wa lori. Aliununua kwa mshahara wake wa kwanza, huko Liboi mpakani, kwa mtu aliyeapa kwamba ni dhahabu ya Dubai, akamletea mama yake. Sasa Adan alikuwa anaoa msichana wa Kisomali. Dama alikuwa ameamua kumvisha bibi harusi mkufu huo siku ya Ijumaa, mbele ya ukoo mzima.

Hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka. Unawajua mama wadogo wa bibi harusi wa Kisomali. Dhahabu ikitoka tu, wanapokezana mkono kwa mkono, wanaipima kiganjani, wanageuza kifungo na kusoma muhuri huku wakitabasamu. Ikiwa na kasoro, habari inafika Mandera kabla pilau haijapoa.

Picha ya kwanza ilipigwa usiku kwa taa ya simu. Kila kitu kiling'aa, hata ukucha wa Dama. Nikampigia.

"Abaayo, dada yangu, picha hii ni kama ya dalali wa ngamia, ananionyesha upande ulionona tu. Weka mkufu juu ya kitambaa cheupe, mlangoni, kwa mwanga wa jua. Zima hiyo taa. Nipigie kifungo kwa karibu, na kidani kinachoning'inia, kwa nyuma."

"Unataka bicha ya mkia?"

"Nataka ya mkia. Ngamia pia tunamtazama mkia."

"Haya. Lakini hii mkufu iko sawa, wallahi. Nimeweka sumaku ya redio, haikushika."

Picha zikaja, nikazikuza kwa vidole viwili mpaka macho yakatoka machozi. Nilikulia kwenye meza ya mama yangu ya kuuzia dhahabu sokoni, mwanangu, na nilichokiona sikukipenda. Kwenye kifungo paliandikwa 21K, na pembeni yake 916. Dhahabu ya karati ishirini na moja muhuri wake ni 875. Hiyo 916 ni ya ishirini na mbili. Tena maandishi yalikuwa yamevimba juu, yametoka na kalibu pamoja na kifungo chenyewe, wakati sonara hugonga muhuri ukazama ndani. Karibu na kifungo, pale vipete vinaposuguana, rangi ilikuwa imegeuka wekundu wa shaba, na dhahabu ya kweli hata ukiisugua mwaka mzima, ndani ni rangi ile ile. Ubavuni mwa kidani ulipita mstari mwembamba, alama ya nusu mbili za kalibu zilipokutana. Na sumaku haishiki shaba vilevile, kwa hiyo redio ya Dama haikuthibitisha kitu.

Nikaandika, "Dama, ni shaba." Nikausoma ujumbe huo, nikauona ni ukatili, nikaufuta.

Wa pili nikauanza na salamu, nikauliza habari za mvua, za mbuzi, za goti lake, nikazungumzia namna dunia ilivyoharibika na wauzaji wasivyo na imani. Nikampa babu yako ausome. Aliusoma mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Umeelewa nini?" nikamuuliza.

"Nimeelewa mbuzi za Dama hazina imani. Chakula kiko wapi?"

Ndipo nikamkumbuka mama. Nikiwa msichana, mteja alileta bangili mezani, nami nikapaza sauti kwamba ni bandia, soko zima likageuka. Mama alinifinya chini ya meza. Mteja alipoondoka akaniambia, "Kwanza uliza imetoka kwa nani. Huyo yumo ndani ya bangili, na wewe umemtukana." Basi nikaandika wa tatu, na huu nimeuhifadhi:

"Dama dada yangu, nimezitazama picha zako vizuri, na nakuandikia wewe peke yako. Nina wasiwasi kwamba mkufu si dhahabu. Mihuri miwili kwenye kifungo haikubaliani, na karibu nacho naona wekundu unatokea chini ya rangi. Usitegemee sumaku, shaba nayo haishikwi. Picha haiwezi kunihakikishia, na ningefurahi nikikosea, kwa hiyo kabla ya Ijumaa mpelekee sonara unayemwamini ausugue kwenye jiwe mbele ya macho yako. Adan hana kosa. Alitoa pesa ya dhahabu kwa moyo wa dhahabu, na aliyedanganya ni aliyemuuzia. Uamuzi ni wako, na mimi sitamwambia mtu."

Nikautuma. Alama mbili zikawa buluu, na Dama akanyamaza. Alinyamaza siku hiyo, na kesho yake pia. Mimi nikaunguza anjera, nikamgombeza babu yako bila sababu. Niliogopa, mwanangu. Niliona nimempoteza rafiki wa maisha yangu kwa ajili ya kifungo cha mkufu.

Ndipo akapiga simu.

"Sonara amesugua kwa jiwe yake nyeusi," alisema, "akatia tone ya dawa. Ile alama yote imepotea. Amesema dhahabu ingebaki." Kisha nikasikia anacheka, na katikati ya kicheko analia. "Nilitumia bicha kwa wamama wengi. Wote waliandika mashallah. Wewe tu umeniuliza mkia."

Nilipanda basi kwenda Wajir harusini. Dama alimvisha bibi harusi bangili zake mwenyewe, zile za tangu ujana wake. Mama wadogo wakazipima, wakageuza, wakasoma, wasione kasoro. Walionekana kama wameonewa.

Naye Dama alikuwa amevaa mkufu wa Adan. Aliuvaa juu ya dera lake bora, kwenye jua la Wajir, na kufikia alasiri shingo yake ilikuwa ya kijani kwa shaba. Adan alikuwa akipita kila mara kumtazama mama yake, uso umemjaa fahari. Hakuwa anajua kitu. Dama akaniinamia sikioni.

"Abaayo, mkufu wangu ni mzuri?"

"Ni mzuri, Dama," nikasema, na sikumdanganya.

Basi mwanangu, rafiki akikuonyesha zawadi yake, usikimbilie kusifu, wala usikimbilie kuponda. Tazama kwanza, na uombe picha ya mkia. Mwambie faraghani ulichokiona na usichoweza kukiona, umwonyeshe mahali pa kuhakikisha, na umlinde aliyeitoa. Kisha mwachie mwenyewe aamue ataivaa au hataivaa. Mungu akupe macho ya mama yangu na subira ambayo mimi sikupewa, akujalie rafiki wa kukuambia kweli kabla ya Ijumaa, na wa kukaa nawe Ijumaa ikifika. Amin. Sasa inuka ukamtengee babu yako chakula, asije akapata hadithi nyingine ya kunisema.