Japani ya Ta Rwekaza

Mjini Bukoba hakuna aliyejua matairi kumshinda Ta Rwekaza. Mwenyewe alishalisema hilo mara nyingi mno. Asubuhi hiyo, dukani kwake, alipitisha kidole kwenye ubavu wa tairi alilotaka kumuuzia mteja, akafika palipoandikwa DOT, mwanzo wa namba ya tairi, akatoa hukumu yake.

“Herufi ya kwanza baada ya DOT ni J, Ma Hellen. Japani halisi!”

Ma Hellen, anayesomba ndizi kutoka Muleba kwa pikapu yake, alivaa miwani.

“Hizo za mwanzo ni alama ya kiwanda, Ta. Hupangwa kwa orodha, si kwa jina la nchi.” Akafuta vumbi chini kidogo. Maandishi makubwa yalisema limetengenezwa Indonesia.

Rwekaza akakohoa. “Lakini kampuni ni ya Kijapani, waitu.”

“Kampuni, ndiyo. Na hizi tarakimu nne za mwisho, 0815?”

“Hiyo ni… namba ya ubora.”

“Ni wiki ya nane ya mwaka 2015. Hazisemi wapi, zinasema lini. Tairi lako ni rika la mjukuu wangu wa darasa la tano.”

Rwekaza akaapa kwamba ni jipya, halijawahi kugusa barabara.

“Nakuamini, Ta. Limezaliwa Indonesia, likazeekea hapa kwako.”